UZI: Mimba ya wiki 14, tumbo halijatoka, mbona ngazi zanimaliza pumzi?

Bi_Ghorofa_ya_Nne
Asalaam aleikum, na wasio Waislamu habari za jioni.

Mimi naishi Majengo hapa Mombasa, ghorofa ya nne, lifti hakuna. Hii ni mimba yangu ya kwanza, wiki ya 14. Nikivaa dera hakuna anayejua kama nina mimba. Lakini tangu wiki ya 9 hivi nikipanda ngazi hadi ghorofa ya pili lazima nisimame, nishike ukuta, nihemeheme kama niliyekimbizwa. Si ngazi tu. Jana naongea na simu nimekaa kitandani, sentensi haijafika mwisho nikavuta pumzi refu katikati. Dada yangu akaniuliza, kwani unalia?

Mama mkwe ananiambia ni mtoto anabana mapafu. Namheshimu, lakini mtoto wa wiki 14 si hata kiganja cha mkono, na yuko kule chini kwenye nyonga. Anafikaje mapafuni? Sina kikohozi, sina homa, kifua hakiumi. Mwenye kujua anieleze, maana nimeanza kuogopa.

Mzee_wa_Baraza
Binti, daini lifti kwa mwenye jengo. Andikeni barua wapangaji wote mtie sahihi.

Mama_Pacha
Shoga, mama mkwe yuko sawa. Mimi pacha wangu walinipanda mpaka hapa chini ya maziwa, nikila kijiko tatu za wali nimeshiba na pumzi hakuna. Mtoto anasukuma kila kitu juu. Lala na mito miwili, utazoea.

Dereva_Tuktuk
Mke wangu pia alikuwa hivyo mwezi wa nane, tukawa tunasimama mara tatu kupanda ule mteremko wa feri Likoni. Wiki ya 37 asubuhi moja akaamka akasema leo napumua. Tumbo lilikuwa limeshuka. Ngojea lishuke, dada.

Mkunga_wa_Zamani
Mwanangu, nimekuwa mkunga miaka 31, sasa nimestaafu nafuga kuku Kisauni. Swali lako ni zuri kuliko majibu uliyopewa. Mama Pacha na Dereva wanasema kweli, ila wanaeleza mimba kubwa, na wewe umeuliza juu ya mimba changa. Hayo ni mambo mawili, ingawa yote huitwa kukosa pumzi.

Linalokuhemesha wewe sasa linatoka kwenye damu yako, mtoto hajakubana popote. Mimba ikishika, homoni ya projesteroni hupanda, na inaendelea kupanda hadi karibu na kujifungua. Homoni hiyo huenda kwenye ile sehemu ya ubongo inayoamrisha kupumua na kuifanya iwe kali zaidi juu ya hewa chafu, yaani kaboni dayoksaidi. Estrojeni nayo huisaidia, kwa kuongeza mahali pa projesteroni kushika kazi.

Fikiria friji ambalo mtu amezungusha kitufe likawa la baridi zaidi. Friji halijaharibika, ila linanguruma muda mwingi kwa sababu limepewa kiwango kipya. Mtu asiye na mimba, kaboni dayoksaidi kwenye damu yake ya ateri husimama kama 40 kwa vipimo vya hospitali. Mjamzito ubongo wake haukubali 40, unataka kama 30. Ili ishuke hadi hapo na ibaki hapo, lazima upumue hewa nyingi zaidi usiku na mchana, hata ukiwa umelala. Ndiyo maana sentensi yako ilikatika ukiwa kitandani.

Sasa panda ngazi. Misuli ya miguu inamwaga kaboni dayoksaidi zaidi, na ubongo uliokuwa mkali tayari hauvumilii hata kidogo. Unahema.

Bi_Ghorofa_ya_Nne
Subhanallah. Kwa hiyo sina upungufu wa oksijeni? Maana nilidhani mwili unalilia oksijeni.

Mkunga_wa_Zamani
Kwa mjamzito mzima oksijeni kwenye damu haishuki, na hata huongezeka kidogo kwa sababu unavuta hewa nyingi. Ile hisia ya kukosa pumzi ni mwili kukuambia kwamba unafanya kazi kubwa ya kupumua. Isichukulie moja kwa moja kama dalili kwamba hewa haifiki.

Ngalawa77
Mimi si daktari, ni mpiga mbizi, nazamia pweza na kamba. Hili la kaboni dayoksaidi nalijua kwa mwili wangu. Ukibana pumzi chini ya maji, kinachokuchoma kifua uibuke haraka ni hiyo hewa chafu kujaa. Oksijeni yenyewe inaweza kushuka na usihisi kitu, ndiyo maana wengine huzimia majini. Lakini bibi, faida yake nini kwa mjamzito? Mwili haufanyi kitu bure.

Mkunga_wa_Zamani
Kwa kuwa wewe ni mtu wa bahari nitakujibu kwa bahari. Mtoto hana mahali pa kutoa pumzi. Hewa yake chafu lazima ipite kwenye kondo la nyuma iingie damu ya mama, na haivutwi na pampu. Inateremka tu kutoka palipo nyingi kwenda palipo chache. Umeona mkondo wa Tudor bahari ikipwa, maji yote ya ndani yanavyotoka yenyewe? Bahari isipopwa, maji ya ndani hayana pa kwenda. Projesteroni inamfanya mama awe bahari iliyokupwa.

Na figo zinafuata nyuma. Kaboni dayoksaidi ikipungua, damu huelekea kuwa na tindikali pungufu, kwa hiyo figo humwaga baikaboneti, ile inayozima tindikali, kwenye mkojo kusawazisha. Haisawaziki kabisa, inabaki kidogo upande wa alkali, na hapo ndipo mjamzito anapoishi miezi yote.

Kaka_Vipimo
Mnazunguka. Nunueni oksimita ile ya kubana kidole, ipo kwenye maduka ya dawa. Ikisoma 95 kwenda juu huna tatizo lolote, kalale. Ikisoma chini, kimbia hospitali. Kwisha.

Mkunga_wa_Zamani
Kaka, nusu umesema kweli. Chini ya 95 kwa mjamzito aliyetulia si ya kupuuza. Lakini hiyo "huna tatizo lolote" nakukatalia. Kifaa hicho hakihesabu damu yako ni kiasi gani. Kinaangalia tu damu iliyopo, imebeba oksijeni kwa sehemu gani. Mama mwenye damu ya 6 anaweza kusoma 98 huku anatweta akitoka chumbani kwenda chooni. Ni kama kuhesabu matatu zilizojaa abiria bila kuuliza matatu zenyewe ni ngapi barabarani.

Tena kwa hapa kwetu Mombasa, tazama kucha kwanza. Piko nyeusi hukifanya kifaa kisisome au kisome chini ya ukweli. Hina nyekundu kwa kawaida haina neno kubwa. Nimeletewa mama ametoka harusini, kidole kinasoma 88, naye anacheka na kuongea vizuri. Tukabana ncha ya sikio, 98.

Mimi ukiniambia nichague kipimo kimoja cha nyumbani nitachagua saa ya mkono. Hesabu pumzi.

Bi_Ghorofa_ya_Nne
Nihesabu vipi bibi? Nikijiangalia nabadilisha pumzi bila kutaka.

Mkunga_wa_Zamani
Ndiyo maana usijihesabu mwenyewe. Kaa kitako umetulia kama dakika kumi, mume akushike mkono kana kwamba anahesabu mapigo, lakini macho yake yawe tumboni au kifuani kwako. Kupanda na kushuka ni moja. Ahesabu dakika nzima, asihesabu sekunde 15 akazidisha mara nne, akikosea moja amekosea nne.

Sasa nikwambie kwa nini hesabu hii ina maana. Mimba haiongezi sana idadi ya pumzi, inaongeza ukubwa wa kila pumzi. Kabla ya mimba, pumzi moja ya utulivu ni kama mililita 500. Ukipumua mara 15 kwa dakika, umepitisha lita 7 na nusu. Mimba ikikomaa pumzi moja inafika kama mililita 700. Mara 15 zile zile, ni lita 10 na nusu. Umeongeza lita 3 kwa dakika bila kuongeza hata pumzi moja. Mapafu yanajaa zaidi kila mara, na hapo ndipo mwanamke husema "navuta pumzi refu refu".

Kwa hiyo mjamzito anayepumua kwa kina lakini mara 14 au 18 ametulia, hiyo inaweza kuwa mimba yenyewe. Akipita 20 akiwa amekaa, mimi sisemi tena "ni mimba tu". Kuna kitu kingine kinamharakisha, na lazima kitafutwe.

Mama_Pacha
Bibi samahani, lakini mimi walinipanda mpaka kifuani kweli! Nilipigwa picha na daktari mwenyewe akasema kiwambo kimepanda. Usinifanye mwongo.

Mkunga_wa_Zamani
Hukusema uongo mama. Kiwambo, ule msuli mpana ulio baina ya kifua na tumbo, hupanda kama sentimita 4 mimba ikikomaa, na kwa pacha huenda ukabanwa zaidi. Watu wakisikia hivyo wanafikiri mapafu yamekatwa sentimita 4 na basi. Lakini mwili hulipa upande mwingine. Mbavu za chini hufunguka nje kama mwavuli, kifua huongezeka mzunguko sentimita 5 hadi 7. Kano zinazoshika mbavu hulegezwa na homoni. Kwa hiyo jumla ya hewa mapafu yanayoweza kubeba hupungua kidogo sana, na kiwambo chenyewe hakikwami. Hutembea hata zaidi ya zamani kwa kila pumzi, ila kinaanzia juu.

Bi_Ghorofa_ya_Nne
Ngoja! Sidiria zangu zimenibana mgongoni tangu mwezi wa pili wa mimba nikasema labda nimenenepa, na mizani haijasogea. Ni mbavu?

Mkunga_wa_Zamani
Huenda kabisa. Mbavu huanza kufunguka kabla tumbo halijawa na kitu cha kuzisukuma. Nunua ya mzunguko mkubwa, usijibane.

Bint_Mtwapa
Mimi nauliza jingine. Nilipofanyiwa upasuaji wa kujifungua walinifunika maski ya oksijeni dakika kadhaa kabla ya kunilaza usingizi, na nilikuwa nzima kabisa. Nikadhani wameona kitu wakanificha. Yahusiana na haya?

Mkunga_wa_Zamani
Yahusiana sana. Kile kinachopotea hasa kiwambo kikipanda ni akiba, ile hewa inayobaki mapafuni ukishatoa pumzi. Inapungua kama sehemu moja kwa tano, na ukilala chali inapungua zaidi. Wakati huo huo wewe na mtoto mnatumia oksijeni zaidi kwa kama sehemu moja kwa tano vile vile. Pochi imepungua na matumizi yamepanda. Mtu wa kawaida akiacha kupumua wakati wa dawa ya usingizi ana muda kidogo kabla oksijeni haijaporomoka, mjamzito muda wake ni mfupi zaidi. Kwa hiyo pochi hujazwa kwanza. Hawakukuficha kitu, walikosa tu kukueleza.

Pumu_Sugu
Mimi nina pumu na mimba ya miezi sita. Nimeacha pampu ya kuzuia, ile ya kila siku, nikasoma mahali kuwa dawa zitamdhuru mtoto. Na hapa bibi anasema kuhema ni kawaida, basi nashukuru nimepata moyo.

Mkunga_wa_Zamani
Hapana mwanangu, hilo sikusema, na wewe ndiye unayenitia hofu katika uzi huu. Rudi kwa aliyekuandikia pampu, kesho, umwambie umeacha. Pumu isiyodhibitiwa ni hatari kwa mtoto kuliko pampu ya kuzuia.

Na ujue kutofautisha. Kuhema kwa mimba hakuna mlio. Ukisikia filimbi kifuani, au kifua kimekaza, au kikohozi cha alfajiri, hiyo ni pumu. Mimba haizibi njia za hewa, kile kipimo cha kupuliza kwa nguvu kwenye mrija hubaki kama zamani, kwa hiyo namba ikishuka usiisingizie mimba. Tena kuna mtego hapo ambao hata wahudumu wachanga huingia. Mjamzito mwenye shambulio la pumu akipimwa damu, kaboni dayoksaidi ikasoma 40, mtu husema "hii ya kawaida". Kwake yeye kawaida ni 30. Hiyo 40 maana yake amechoka, anashindwa kuitoa.

Pumu_Sugu
Nimekuelewa bibi. Kesho asubuhi naenda.

Shangazi_Kisauni
Nyote mnasahau kaskazi. Joto hili na unyevu wa hewa nani anapumua? Mimi mimba zangu za kaskazi zilinitesa, za kusi hazikunisumbua.

Mkunga_wa_Zamani
Shangazi, wajawazito wengi waliniambia hivyo miaka yote. Mjamzito hutoa joto zaidi mwilini kwa hiyo joto la nje humwelemea, hilo nakubali. Kama pumzi yenyewe inabadilika au ni uchovu tu, sitaapa.

Bi_Ghorofa_ya_Nne
Mume kahesabu mara mbili, jana 17, leo 16. Nimefurahi. Lakini bibi uliposema "lazima kitafutwe" ulinibakisha na swali. Ulishawahi kukuta mtu aliyeambiwa ni mimba tu, kumbe siyo?

Mkunga_wa_Zamani
Zaidi ya mara moja. Nitakupa mmoja, bila jina wala mahali.

Alikuja wiki ya 28, mimba ya pili. Alikwisha kwenda mahali pengine mara mbili akaambiwa ni mtoto anabana. Nikamkalisha nikahesabu pumzi, 28. Mapigo 118, amekaa kitako. Nikamuuliza, unalalaje? Akasema nalala nimeegemea ukuta, mito mitatu, nikilala chali naamka saa nane usiku nakohoa na kutafuta dirisha. Nikauliza mimba ya kwanza ilikuwaje, akasema hivi hivi lakini kidogo, na baada ya kujifungua iliisha. Nikauliza utotoni. Akakumbuka alilazwa na homa, magoti na vifundo vya miguu vimevimba, akapigwa sindano za kila mwezi kisha wakaacha kwenda.

Hapo nikajua naelekea wapi. Ile homa ya utotoni, inayofuata maambukizi ya koo, hukwaruza valvu za moyo. Valvu baina ya vyumba viwili vya kushoto ilikuwa imekuwa nyembamba kama mlango uliofunguka nusu. Miaka yote mlango huo ulimtosha. Mimba ikaongeza damu mwilini hadi karibu mara moja na nusu ya ile ya zamani na mapigo yakaenda mbio, damu haipati muda wa kupita, inarudi nyuma kwenye mapafu, mapafu yanalowa. Akipumua anapumua kwenye sponji. Alipelekwa kupigwa picha ya moyo siku ile ile, akaanzishiwa dawa, akajifungulia mahali penye daktari wa moyo. Alipona yeye na mtoto.

Angalia ni maswali gani yalimwokoa. Hakuna mashine iliyotumika mpaka nilipokuwa tayari najua. Kushindwa kulala bapa, kuamka usiku kutafuta hewa, pumzi nyingi ametulia, mapigo ya mbio. Mimba peke yake haifanyi hivyo. Na mwingine ikija ghafla, leo hii, na maumivu ya kifua akivuta pumzi, au mguu mmoja umevimba na kuuma, au anakohoa damu, huyo asisubiri kliniki wala asihesabu chochote. Aende usiku huo huo, maana damu inaweza kuwa imeganda na kuziba mapafuni. Hata baada ya kujifungua, wiki na miezi ya mwanzo, ukianza kuhema upya usiseme ni uchovu wa kunyonyesha. Moyo wa mzazi huweza kulegea wakati huo.

Dereva_Tuktuk
Bibi umenifanya nimpigie mke wangu simu nimuulize analalaje. Kanijibu "na wewe unalalaje?"

Bi_Ghorofa_ya_Nne
Nimerudi na habari. Nimeenda kliniki na kitabu changu. Pumzi 17, mapigo 92, kidole 98 (sina piko). Afisa wa kliniki akasikiliza moyo na mapafu, safi. Lakini damu ni 9.4. Akaniuliza kama natamani vitu visivyo chakula, nikaona haya. Wallahi nakula odowa, yale mawe ya udongo ya Kongowea, ya shilingi ishirini kwa siku. Na vile vidonge vya damu nilikuwa namezea chai ya maziwa kila asubuhi.

Mkunga_wa_Zamani
Basi una mambo mawili, moja juu ya jingine. Mjamzito chini ya 11 miezi mitatu ya kwanza, au 10.5 miezi mitatu inayofuata, tunaita damu imepungua. Hiyo projesteroni inakuhemesha, na matatu zako barabarani ni chache, nazo zinaongeza. Tamaa ya odowa huandamana sana na upungufu wa madini ya chuma, na udongo wenyewe unaweza kuyashika yasiingie. Chai pia huyashika. Meza na maji au juisi ya ndimu, chai ngoja saa moja au mbili. Wamekupa vingapi?

Bi_Ghorofa_ya_Nne
Vilikuwa kimoja cha miligramu 60, sasa viwili. Nirudi baada ya wiki nne. Malaria wamepima, hakuna.

Kaka_Vipimo
Sawa, nimekubali kuhusu oksimita.

Bi_Ghorofa_ya_Nne
Wiki ya 19. Damu 10.6. Odowa sitamani tena, hata harufu yake siitaki. Zamani nilisimama ghorofa ya pili, sasa nasimama ya tatu. Kwa hiyo sehemu ilikuwa damu, na iliyobaki ndiyo hiyo friji ya bibi. Napanda polepole, natoa pumzi kila ngazi ya pili, mzigo wa sokoni anabeba kijana wa mlinzi.

Swali la mwisho. Dada yangu ana mimba ya wiki sawa na yangu, yuko Likoni, anapanda na kushuka feri kila siku na damu yake ni 11.8. Hahemi kabisa, ananicheka. Yeye hana projesteroni?

Mkunga_wa_Zamani
Anayo. Ukimpima utamkuta naye anapumua lita nyingi na kaboni dayoksaidi yake imeshuka kama yako. Kwa nini mmoja anahisi kazi hiyo na mwingine haihisi, madaktari hawajakubaliana. Wengine wanasema aliyekuwa na kaboni dayoksaidi ya juu kabla ya mimba ndiye anayehisi mteremko, wengine wanasema ni ubongo wa kila mtu unavyosikiliza kifua chake. Mimi mwenyewe nilizaa watano, nikahema kwa mmoja tu, wa tatu.

Shangazi_Kisauni
Na huyo wa tatu ulimbeba kaskazi au kusi?

Mkunga_wa_Zamani
Kaskazi, Shangazi. Lakini na wa kwanza pia.